Dimbwi Halikuambii Ulichokula

Shangazi yangu aliacha nusu sahani ya wali wa kukaanga Ijumaa moja mwezi wa pili, nyumbani kwetu Ukunda, na saa kumi jioni akaanza kutetemeka mbele ya cherehani yake. Ana kisukari. Anameza vidonge vya kushusha sukari asubuhi, na vidonge hivyo havijali kama umekula au hujala. Tulimpa maji ya sukari, akakaa, akatulia. Kisha tukaanza kuulizana kwa nini aliacha chakula.

Jibu lilikuwa mafuta. Alipoinamisha sahani, mafuta yalikusanyika upande mmoja, mekundu kwa ile rangi ya nyanya na binzari, yanang'aa. Kwenye daftari lake la kliniki kumeandikwa maneno mawili na mstari chini yake: "Punguza mafuta." Binamu yangu, ambaye ana programu ya kuhesabu kalori kwenye simu, alikuwa keshamwambia kwamba karai lile lilitiwa mafuta ya kalori 500. Mjomba naye, kwa upande wake, alisema maneno ambayo nimeyasikia kwenye kila meza kutoka Likoni hadi Lunga Lunga: "Si yamebaki sahanini? Yakibaki hujayala. Kula, dada."

Watu watatu, hesabu tatu, na zote ni mbovu. Nimeamua kuandika kwa sababu nimechoka. Mie si daktari wala mtaalamu wa lishe. Chuo niliacha mwaka wa pili, na atakaye kunifungia mlango kwa sababu hiyo aufunge. Lakini kutoa na kugawanya sikuhitaji shahada, na tatizo hili lote ni la kutoa na kugawanya.

Nianze na kosa lililo mzizi wa mengine. Dimbwi la mafuta lililobaki kwenye karai au sahani linakueleza kitu kimoja tu: ulichoacha. Halikuambii ulichokula. Ukiona dimbwi kubwa, huenda mpishi alitia mafuta mengi na wewe umekula mengi, mengine yakabaki. Huenda pia mpishi alitia ya wastani, wali ukawa na maji maji, mafuta yakakosa pa kushika yakateremka chini, na wewe umekula kidogo sana. Dimbwi ni lilelile. Bila kujua kilichoingia mwanzo, kutazama kilichobaki ni sawa na kutazama chenji mkononi ukataka kujua bei ya kitu bila kujua ulitoa noti gani.

Mjomba anakosea kwa kuwa anahesabu kilichobaki na kusahau kilichokwisha kushika kwenye punje. Binamu anakosea kwa kuwa anahesabu kilichoingia na kusahau kilichobaki, tena akakirundika chote kwenye sahani ya mtu mmoja. Na daftari linakosea kwa kuwa halihesabu chochote. "Punguza" kutoka ngapi hadi ngapi? Mtu anayekunywa dawa kwa miligramu anaambiwa chakula kwa kitenzi.

Tatizo la pili ni macho. Macho hupima upana. Mafuta yana upana na kina. Chukua dimbwi la mviringo lenye upana wa sentimita 10, kama mdomo wa kikombe kikubwa, na kina cha milimita 1. Hilo ni karibu mililita 8 za mafuta. Sasa chukua utando uliotanda sahani nzima, upana wa sentimita 20, lakini kina chake ni moja ya tano ya milimita. Huo ni kama mililita 6. Kwa macho, huu wa pili ni mara nne ya ule wa kwanza, na ndio utakaomtisha mgonjwa. Kwa kipimo, ni mdogo kuliko wa kwanza. Ndiyo maana sahani bapa humwogopesha mtu kuliko bakuli, ingawa chakula kimetoka karai moja.

Rangi nayo inadanganya. Rangi ya nyanya, binzari na pilipili huyeyuka kwenye mafuta, kwa hivyo matone machache mekundu kwenye sahani nyeupe yanaonekana kama ajali. Mafuta meupe yasiyo na rangi kwenye sahani ya udongo ya kahawia hayaonekani kabisa. Tena si kila kinachong'aa ni mafuta. Wali wa kukaanga una maji ya mboga na mara nyingi una sosi ya soya, ambayo ni maji na chumvi. Ukitaka kujua, chovya kipande cha gazeti. Doa la maji litakauka lipotee. Doa la mafuta litabaki, na ukilielekeza kwenye mwanga utaona karatasi imekuwa kama kioo, sawa na gazeti lililofungiwa maandazi au bajia.

Basi, wiki iliyofuata mama alipika wali uleule, nami nikapima. Nina mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja, niliyonunua nilipokuwa nauza achari. Nilinunua na sindano ya mililita 10 kwenye duka la dawa, isiyo na ncha. Sikumzuia mama kupika anavyopika. Nilichotaka ni karai ya kawaida, si karai ya maonyesho.

Jambo la kwanza, nilipima chupa ya mafuta kabla hajaishika na baada ya kuirudisha. Mama hatumii kijiko. Anamimina kwa mkono wa mazoea. Chupa ilikuwa gramu 612, ikawa gramu 557. Zilizoingia karaini ni gramu 55, ambazo kwa ujazo ni mililita 60, kwa kuwa mililita moja ya mafuta ya kupikia ina uzito wa karibu gramu 0.92. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9. Kwa hivyo karai nzima ilipata kalori 495. Binamu yangu hakukosea kwenye namba hiyo. Alikosea alipoimwaga yote kwenye sahani ya shangazi.

Wali ulikuwa wa jana yake, uliopoa, gramu 700. Vitunguu, karoti, hoho na mayai mawili vilikuwa kama gramu 250. Baada ya kukaanga, maji yakapanda na mvuke, tukapakua sahani tatu zilizopata jumla ya gramu 900. Nilizipima kila moja ili zilingane: gramu 300, 300, 300.

Kisha karai. Tupu ina gramu 840. Baada ya kupakua ilikuwa 876. Mtu mwenye haraka angesema, "Mafuta gramu 36 yamebaki," na hapo angekuwa amekosea kwa gramu 14. Ndani ya zile gramu 36 kulikuwa na punje zilizoganda na vipande vya vitunguu. Nikavikwangua kwa mwiko, gramu 8. Kilichobaki nilikimimina kwenye glasi kikiwa bado cha moto. Umoto ni muhimu, kwa sababu mafuta ya moto ni mepesi na hutiririka. Yakipoa huwa mazito na kung'ang'ania chuma. Glasi ilipata gramu 26, na gramu 2 zikabaki kama utando karaini.

Niliiacha glasi dakika 20. Maji na sosi vilizama chini, vyeusi. Mafuta yakakaa juu, mekundu. Nilivuta yale ya juu kwa sindano: mililita 22, yaani gramu 20. Nikajumlisha utando wa gramu 2 uliobaki karaini. Kwa hivyo mafuta yaliyobaki ni gramu 22, si 36.

Gramu 55 toa 22 ni 33. Hizo ndizo zilizotoka na chakula. Gawa kwa sahani tatu zilizo sawa: gramu 11 kila moja.

Shangazi alikula sahani yake yote siku hiyo, kwa makubaliano kwamba aniachie sahani kama ilivyo. Niliifuta kwa tishu iliyopimwa, nikaiacha tishu chini ya feni hadi maji yakauke, nikaipima tena. Iliongezeka gramu 3. Basi mafuta aliyokula ni gramu 8, karibu kalori 72.

Tuziweke hesabu pamoja. Kwa mjomba, shangazi alikula mafuta sifuri. Kwa binamu, alikula kalori 495. Mtu mwenye busara kidogo, anayegawa mafuta yote kwa watu watatu na kusahau karai, angesema kalori 165. Ukweli wa sahani ile ulikuwa 72, jaalia kidogo juu au chini.

Nasema juu au chini kwa sababu njia yangu ina matundu, na nisipoyataja nitakuwa kama hao ninaowasema. Mizani inayosoma gramu moja moja inaweza kukosea gramu moja kila unapoisoma, na mimi niliisoma mara nyingi. Mwiko na upawa navyo vilibeba mafuta yao, na mengine yaliruka jikoni. Hayo yote nimeyahesabu kama yaliyoliwa, kwa hivyo nimeongeza kidogo. Kubwa zaidi ni kwamba nimedhani mafuta yaligawanyika sawa. Hayagawanyiki sawa. Mafuta hushuka. Anayepakuliwa kwanza anapata wali wa juu, mkavu. Anayepakuliwa mwisho anapata wa chini, uliolala kwenye dimbwi. Na kwetu huku anayepakuliwa mwisho kwa kawaida ni mama au shangazi. Kama mama asingekoroga vizuri kabla ya kupakua, sahani ya shangazi ingeweza kuwa na gramu 14 badala ya 11. Hata hivyo, gramu 3 juu au chini ni kalori 27. Bado tuko mbali sana na 495, na mbali na sifuri.

Sasa rudi kwenye ile Ijumaa ya kutetemeka. Ndani ya gramu 300 za sahani ile kulikuwa na wali kama gramu 233. Wali uliopikwa una kalori kama 130 kwa kila gramu 100, na wanga kama gramu 28. Kwa hivyo wali wa sahani moja ulikuwa na kalori kama 300 na wanga gramu 65. Ukiacha nusu sahani ili kukimbia mafuta, umeepuka gramu 4 za mafuta, na umejinyima gramu 32 za wanga. Wanga ndio unaopandisha sukari ya damu, na ndio ambao kidonge cha asubuhi kilikuwa kinausubiri. Mafuta hayageuki sukari kwa namna hiyo. Kazi yake kubwa hapo ni kuchelewesha tumbo, hata sukari ya wali ikapanda baadaye kuliko kawaida. Shangazi alikimbia dimbwi akaangukia shimo. Na aliyemkimbiza ni sisi, kwa midomo yetu na simu zetu na daftari lile.

Simaanishi mafuta ni salama, myamwage. Kalori 72 ni za sahani moja kwenye karai ambayo gramu 22 zilibaki na kutupwa. Na hilo neno, kutupwa, ndilo ninalotaka tugombane juu yake.

Nenda kwenye kibanda chochote cha barabara ya Diani usiku, au pale stendi ya Msambweni, usimame karibu na karai. Agiza wali wa kukaanga. Mpishi anamimina mafuta, anakaanga, anakupakulia, na karaini kunabaki dimbwi. Je, analitupa? Halitupi, mafuta ni ghali. Anamwongezea mteja wa pili mafuta kidogo juu ya dimbwi lako, na wa tatu juu ya la wa pili. Mabaki ya karai yako si akiba iliyotoka duniani. Yameingia kwenye sahani ya jirani yako, kama ya aliyekutangulia yalivyoingia kwenye yako. Kwa hivyo kwenye kibanda huruhusiwi kutoa mabaki ya karai hata kidogo. Unachoweza kutoa ni ya sahani yako peke yake.

Hapo hesabu inayofaa ni ya usiku mzima. Muulize mpishi, kwa adabu, na uwe umekwisha kununua: "Ndugu yangu, lita moja inakutolea sahani ngapi?" Wapishi wanajua. Ni biashara yao. Tuseme akujibu sahani 40. Lita moja ni gramu 920. Gawa kwa 40, upate gramu 23 kwa sahani. Kama karai lake linaanza tupu na kuoshwa usiku, mafuta yote ya lita ile yamekwenda kwenye sahani isipokuwa yale ya mwisho anayomwaga. Ukiacha gramu 3 sahanini kwako, umekula 20, karibu kalori 180. Akikujibu 25, sahani inapata gramu 37, na hapo ndipo pa kushtuka. Dimbwi la sahani yako lingeweza kuwa lilelile kwa wapishi wote wawili.

Nyumbani vilevile. Mama yangu huwa hatupi mafuta ya samaki. Huyachuja akakaangia vitunguu vya kesho. Ukiishi kwenye nyumba kama hiyo, na nyingi ni kama hiyo, usijitolee mabaki ya karai leo halafu uyale kesho bila kuyahesabu. Ama yahesabu leo, ama yahesabu kesho. Kutoyahesabu siku zote mbili ni kujidanganya.

Na sinia je? Watu wanne wakila sinia moja, dimbwi hukusanyika palipoinama. Anayekaa upande huo anakula mafuta ya wenzake. Halafu kuna yule, na kila ukoo unaye, anayemalizia kwa kupangusa sinia kwa mkate au chapati. Mafuta yaliyobaki ya watu wanne ameyala mmoja. Kwenye sinia usihesabu kwa mtu. Hesabu kwa sinia zima, gawa kwa walaji, na umwongezee aliyepangusa. Kama aliyepangusa ni wewe, usitafute wa kumlaumu. Kula kwa mkono nako kuna yake: tonge hukandwa kwenye sahani, na matonge ya mwisho ndiyo yanayofyonza dimbwi. Mtu anayeacha matonge mawili ya mwisho yaliyolowa ameacha mafuta zaidi kuliko aliyeacha nusu sahani ya juu mapema. Shangazi angeacha hayo mawili, ile Ijumaa ingepita salama.

Tambi nazo zina hila yake, na ndizo zinazowapotosha vijana wenzangu. Zile za pakiti, ambazo watoto huziita indomi, nyingi hukaangwa kiwandani kwa mafuta kabla ya kukaushwa. Ndiyo sababu huiva kwa dakika chache. Mpishi asipotia hata tone, ukimwaga maji yake utaona macho ya mafuta yanaelea. Kwa hivyo kwa tambi hizi, kipimo cha chupa peke yake hakitoshi. Mafuta ya mwanzo ni ya chupa yako kujumlisha ya pakiti, na ya pakiti yameandikwa mgongoni mwake kwa gramu. Soma kama ni ya pakiti nzima au ya gramu 100, kwa sababu hapo watu huteleza. Ukizichemsha na kumwaga maji, umemwaga na sehemu ya mafuta hayo. Ukizikaanga na maji yake, hujamwaga kitu.

Tambi zetu za Kiswahili, zile nyembamba za Ramadhani, ni hadithi nyingine. Zinaingia kavu, zinakaangwa hadi zibadilike rangi, kisha maji au tui, sukari na iliki. Tambi kavu hushika mafuta mengi kuliko wali uliopikwa, kwa sababu zina uwazi mwingi kati ya nyuzi, na sukari hufanya utando unaonata. Dimbwi chini ya tambi linaweza kuwa dogo na bado umekula mafuta mengi. Zikipikwa kwa tui, usitafute mafuta ya nazi kwa macho kabisa. Mengi yamo ndani ya tui jeupe na hayajajitenga. Yakijitenga na kuelea, umeona sehemu yake tu.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: "Nani ana mizani?" Sawa. Basi tumia chupa. Ukinunua mafuta, andika tarehe kwenye chupa kwa kalamu. Yakiisha, andika tena. Tuseme lita moja imewalisha watu 5 kwa siku 6. Hiyo ni gramu 920 kwa milo ya watu 30 wa siku moja, kwa hivyo karibu gramu 31 kwa mtu kwa siku, karibu kalori 276. Kama mnamwaga mafuta yaliyotumika, yamimine kwenye chupa tupu ya soda badala ya ardhini, na siku lita inapoisha toa kilichomo kabla ya kugawanya. Hapo hujapima sahani hata moja, na bado una namba ya kweli kuliko ya simu. Hata mtu anayenunua mafuta ya kupimiwa ya shilingi ishirini anaweza. Ataandika vipimo badala ya lita, baada ya kumwagia kipimo kimoja kwenye sindano kujua kina mililita ngapi.

La pili: "Vitabu vipo." Vipo, na navisifu. Mwaka 2018 serikali ya Kenya pamoja na shirika la FAO walitoa majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Kenya, na kitabu cha mapishi pamoja nayo. Lakini namba ya chakula kilichopikwa ni ya karai iliyopikiwa kitabu, yenye mafuta yaliyoandikwa kwenye maelekezo ya mapishi hayo. Ni namba ya haki kwa karai ile. Karai ya mama yangu haikuwepo siku hiyo. Programu ya binamu ni mbaya zaidi: inakupa "wali wa kukaanga, kikombe kimoja", na haisemi kikombe hicho kilitiwa mafuta kiasi gani, wala kama kilichobaki kwenye sufuria kilihesabiwa. Ukitumia majedwali, tumia ya wali mweupe, ya yai, ya mboga, kisha mafuta yaongeze mwenyewe kwa kutoa na kugawanya kama nilivyofanya. Kiungo kinachobadilika zaidi kutoka jiko hadi jiko ndicho usichopaswa kumwachia mgeni akukadirie.

La tatu, na ndilo linaloniudhi: "Wagonjwa wetu hawataweza hesabu hizo." Shangazi yangu anakata gauni la mtu mnene kwa kitambaa kisichotosha, na linamkaa. Mama anajua kwa kichwa deni la kila mtu mtaani. Wanawake wa Gazi na Msambweni wanauza samaki kwa fungu na hawapotezi shilingi. Hawa ndio hawawezi kutoa 22 kutoka 55? Waliowaandikia "punguza mafuta" hawakuwapa namba yoyote ya kutoa. Swali moja lingetosha kwenye kliniki: "Nyumbani lita moja inaisha siku ngapi, na mko wangapi?" Lingechukua nusu dakika, na jibu lake lingeandikwa kwenye daftari badala ya amri isiyo na kipimo.

Kwa hivyo nataka vitu viwili tu. Anayepika aseme alichotia, kwa sababu ni yeye pekee anayejua mwanzo wa hesabu; mlaji aliyekaa mbele ya sahani hana njia ya kuujua kwa kutazama. Na anayetoa ushauri aache kumwelekeza mgonjwa kutazama sahani, amwelekeze kwenye chupa.

Chupa yetu sasa ina tarehe mbili zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mweusi. Mama alilalamika siku ya kwanza kwamba namfanya kama muuza duka. Siku ya nne alinimiminia mwenyewe kwenye mizani akaniuliza, "Sitini hii, au nimezidisha?" Ilikuwa 48. Shangazi hupakuliwa wa kwanza siku hizi, baada ya wali kukorogwa. Anakula sahani yake, anaacha matonge mawili yaliyolowa, na jioni anashona.